Mpe mwenzako muhtasari, mpe na kazi ya kuusahihisha

Wadogo zangu, leo kona yetu ni ya wanafunzi, na nimeichagua barua moja kati ya zile mlizoniandikia kwa sababu swali lake ni la wengi msimu huu wa mitihani. Imetoka kwa msichana wa kidato cha nne, mkaaji wa Kipevu kule Changamwe. Anasema hivi:

"Dada, nimetengeneza muhtasari wa fizikia wa kurasa 14 kuhusu stima: inavyosafirishwa, inavyoingia nyumbani na inavyolipiwa. Wenzangu darasani wanauomba kabla ya mtihani wa muhula. Naogopa nikiwapa halafu una makosa, darasa zima litakosa pamoja nami. Nataka niwaandikie barua ya kuwaomba wanionyeshe makosa mapema. Niiandikeje, wasione najishaua, na wasije wakaupokea tu wakautia mkobani?"

Mdogo wangu, hofu yako ni ya haki. Kosa likikaa kwenye daftari lako linakugharimu wewe peke yako. Likiingia kwenye muhtasari uliotolewa nakala, linakaririwa na kila aliyeupata, na siku ya mtihani mwalimu anakutana na jibu moja baya kwenye karatasi arobaini. Kwa hiyo barua unayotaka kuandika ina kazi kubwa. Hiyo ndiyo itakayoamua kama wenzako watausoma muhtasari kwa kukagua au watausoma kwa kuamini tu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiandika "tafadhali mkiona kosa mniambie", utajibiwa "uko sawa, ahsante". Si kwamba wenzako ni wavivu. Anayesoma ili ajifunze hana nafasi ya kushuku. Macho yake yanatafuta jibu la kushika, na akilipata anasonga mbele. Kukagua ni kazi nyingine kabisa: unashika kalamu, unafunika jibu, unapiga hesabu mwenyewe, kisha unalinganisha. Mtu hafanyi hivyo mpaka aambiwe afanye, aambiwe wapi, na aambiwe kwa njia gani. Basi barua yako igawe kazi.

Makosa ya muhtasari hayafanani

Kabla sijakupa mfano wa barua, acha tuutazame muhtasari wenyewe. Mada yako ni nzuri kwa sababu mifano yake unaiona ukitoka nje tu. Pale Kipevu ipo mitambo ya KenGen inayochoma mafuta mazito kuzalisha stima. Mtambo wa Kipevu III, wenye megawati 120, ulianza kazi mwaka 2011. Stima ikitoka pale hupandishwa volteji kwa transfoma, kisha inasafiri kuelekea Rabai kwenye nyaya za volti 132,000. Swali la mtihani linalopendwa katika mada hii ni kwa nini volteji inapandishwa, na hapo ndipo mihtasari mingi huteleza.

Tuseme umeandika sentensi hii: "Volteji ikipandishwa mara 12, hasara ya nishati njiani hupungua mara 12." Inasomeka vizuri. Inaingia akilini upesi. Nayo si kweli.

Tupige hesabu. Tuseme unasafirisha nguvu ya wati 1,320,000 kwenye nyaya zenye ukinzani wa omu 2. Nimechagua namba nyepesi ili kila mtu aweze kufuata. Kwa kuwa P = VI, ukisafirisha kwa volti 11,000 mkondo utakuwa ampea 120. Ukisafirisha kwa volti 132,000 mkondo utakuwa ampea 10. Hadi hapo ni kweli, mkondo umepungua mara 12. Lakini joto linalopotea kwenye waya halifuati mkondo, linafuata mraba wa mkondo, yaani I²R. Kwa ampea 120 hasara ni 120 × 120 × 2, sawa na wati 28,800. Kwa ampea 10 hasara ni 10 × 10 × 2, sawa na wati 200. Gawanya 28,800 kwa 200, utapata 144. Hasara imepungua mara 144.

Kosa hili ni la kuruka hatua. Hulioni kwa kusoma, hata usome mara ngapi, kwa sababu sentensi yenyewe imenyooka. Unaliona pale tu mtu anapotia namba na kufuata hesabu hadi mwisho. Kwa hiyo sehemu za namna hii ziombewe mtu wa kupiga hesabu upya, tena bila kulitazama jibu lako kwanza.

Kosa la pili ni la vipimo. Umeandika kwamba balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 inatumia uniti 9,000. Kuzidisha kwako ni sawa, 60 × 5 × 30 ni 9,000. Lakini hizo ni wati-saa, na uniti moja ya stima ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Jibu ni uniti 9. Kosa hili halihitaji bingwa wa fizikia. Linahitaji mtu anayenunua tokeni za nyumbani kwao, kwa sababu anajua hakuna balbu ya kumaliza uniti 9,000 kwa mwezi. Hapa msomaji anaombwa alinganishe jibu na maisha.

Kosa la tatu huenda lisiwe kosa. Umeandika kwamba waya wa laivu ni wa kahawia, wa nyutro ni wa samawati, na wa ardhi ni wa kijani chenye mstari wa njano. Mwenzako anakuletea kitabu kinachosema laivu ni nyekundu, nyutro ni nyeusi na ardhi ni ya kijani. Ninyi nyote wawili mna kitabu cha kuonyesha. Chake kinafuata rangi za zamani, chako kinafuata rangi za sasa, na kwenye nyumba zilizotiwa nyaya zamani bado utazikuta zile nyekundu na nyeusi. Hapa hakuna cha kufuta. Kinachotakiwa ni kuandika zote mbili, useme ipi ni ya zamani na ipi ni ya sasa, kisha mwalimu aulizwe anataka ipi kwenye jibu. Lisilobadilika kati ya vitabu hivyo viwili ni kwamba fyuzi na swichi hukaa kwenye waya wa laivu.

Umeona sasa, mdogo wangu? Makosa matatu, na kila moja lina mtu wake na njia yake. La kwanza linataka kalamu, la pili linataka akili ya kila siku, la tatu linataka kitabu cha pili mezani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na barua yako iwape wenzako nafasi ya kuzitumia walizo nazo.

Yanayopaswa kuwamo kwenye barua

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Iwe juu kabisa ya muhtasari, ibanwe pamoja nao, isiwe karatasi ya pembeni itakayopotea kwenye matatu. Ndani yake mwenzako akute majibu ya maswali haya.

La kwanza, muhtasari umetoka wapi. Andika kama ni maelezo ya mwalimu, kitabu cha darasa au mitihani iliyopita. Mwenye kukagua hawezi kukagua kitu asichojua asili yake. Ukiweza, andika pembeni mwa kila sehemu ukurasa wa kitabu ulikoitoa. Itakuchukua jioni moja, nayo itawaokolea wenzako muda mwingi wa kupekua.

La pili, ni wapi wewe mwenyewe huna uhakika. Wanafunzi wengi wanalikwepa hili kwa aibu, na wanafanya makosa. Ukisema "ukurasa wa 6 sina uhakika nao", mwenzako ataanzia hapo na atakusaidia. Ukinyamaza, ataanzia ukurasa wa 1, atachoka kufika wa 4, na wa 6 hataufikia. Tia alama ya swali pembeni mwa kila mstari unaoushuku.

La tatu, aandike nini akiona kosa. Ukimwachia aandike atakavyo, utaletewa maneno kama "ile ya transfoma si sawa" nawe hutajua ni transfoma ipi. Mwombe vitu vinne: ukurasa na mstari, kilichoandikwa, kinachopaswa kuandikwa, na amejuaje. Hicho cha nne ndicho kinachokupa uwezo wa kuamua. Na ili aweze kutaja mstari, lazima uwe umeupa namba kila ukurasa na mistari yake, angalau mstari wa 5, wa 10, wa 15 na kuendelea.

La nne, apeleke wapi na mwisho ni lini. Iwe njia moja tu. Ukikubali mengine kwa mdomo, mengine kwenye vikaratasi, mengine uambiwe njiani mkienda nyumbani, nusu utayasahau. Daftari moja linalokaa darasani linatosha.

La tano, utafanya nini na yatakayopatikana. Watu hawajisumbui kukueleza jambo wakidhani litaishia kwako. Waambie siku utakayowaletea karatasi ya masahihisho, na utimize.

Sasa maneno. Usianze kwa kujidunisha, "mimi si mjuzi, nisameheni, nimejaribu tu". Maneno hayo yanamtia mwenzako huruma, na mwenye huruma hakosoi. Usiseme pia "kama kuna vikosa vidogo vidogo", kwa sababu umeshamwambia makosa makubwa hayamo, naye akiliona kubwa atajishuku yeye. Sema wazi kwamba makosa yamo na unataka yapatikane. Kurasa 14 za mkono wa mtu mmoja hazikosi makosa, na hakuna atakayekuona unajishaua kwa kusema hivyo.

Mfano wa barua

Hii hapa, ibadilishe upendavyo:

*Wenzangu wa darasa letu, salamu.*

*Huu ni muhtasari wa mada ya stima kwa ajili ya mtihani wetu wa Alhamisi tarehe 18. Una kurasa 14. Nimeutoa kwenye maelezo ya mwalimu na kwenye kitabu chetu cha darasa. Namba za kurasa za kitabu ziko pembeni. Haugusi mada nyingine, kwa hiyo usiutegemee kwa mtihani wote.*

*Makosa yamo, na nataka tuyapate kabla hatujayakariri. Kila mmoja nimempa kurasa mbili za kukagua, namba zake ziko juu ya nakala yake. Kila kurasa mbili zina watu kadhaa. Tafadhali msikae pamoja kuzikagua, kila mtu azipitie peke yake kwanza.*

*Palipo na hesabu, funika jibu langu, piga mwenyewe, kisha linganisha. Palipo na maelezo, fungua kitabu ukurasa uliotajwa. Mahali ambapo hukuelewa, andika "sikuelewa". Hilo nalo nalihitaji, huenda nimeruka hatua. Nilipotia alama ya swali mimi mwenyewe sina uhakika, hasa ukurasa wa 6 kuhusu hasara ya nishati njiani na ukurasa wa 11 kuhusu rangi za nyaya.*

*Ukiona kosa, liandike kwenye daftari la kijani lililo kwenye dawati la mbele: ukurasa na mstari, kilichoandikwa, kinachopaswa kuwa, na umejuaje. Andika na jina lako, nisipoelewa nikuulize.*

*Mwisho ni Ijumaa tarehe 12, saa kumi jioni. Jumatatu tarehe 15 nitawaletea karatasi moja ya masahihisho, kila mtu ayaandike kwenye nakala yake. Hadi siku hiyo tafadhali msiutolee nakala kwa darasa jingine.*

*Toleo la kwanza, Jumatatu tarehe 8.*

*Ahsanteni, mwenzenu.*

Angalia tarehe zilivyopangwa. Muhtasari unatoka siku kumi kabla ya mtihani, makosa yanapokelewa hadi siku ya tano, masahihisho yanatoka siku tatu kabla. Siku hizo tatu za mwisho ni za lazima. Mtu aliyekwisha kukariri "mara 12" anahitaji muda wa kuifuta kichwani na kuitia "mara 144". Ukimletea sahihisho usiku wa kuamkia mtihani, ataingia chumbani akiwa na namba zote mbili na hajui ipi ni ipi. Kwa hiyo baada ya Jumatatu usibadilishe kitu tena, labda kosa kubwa ambalo ukilikuta lazima ulitangaze darasani kwa sauti.

Angalia pia kwamba nimegawa kurasa. Ukiwapa wote kurasa zote, wote wataanzia mwanzo, na ukurasa wa 1 utakaguliwa na watu thelathini huku wa 14 ukikosa hata mmoja. Kurasa mbili mbili zinakupa mafungu saba. Darasa la wanafunzi 42 litakupa watu sita kwa kila fungu, na hata nusu yao wakikosa kufanya kazi, bado una watatu. Changanya katika kila fungu anayeliweza somo na anayepata shida nalo. Anayeliweza ataona hesabu iliyokosewa. Anayepata shida atakwama mahali uliporuka hatua, ambapo yule mwingine amejijazia mwenyewe kichwani bila kujua.

Umebakiwa na makosa mangapi?

Nimekuambia uwaombe wasikae pamoja, na sababu yake ni hii. Mwanahisabati George Pólya aliandika makala fupi mwaka 1976 akionyesha kwamba watu wawili wakikagua maandishi yale yale kila mmoja kivyake, unaweza kukadiria makosa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaona. Ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu.

Tuseme mwenzako wa kwanza ameona makosa 12 na wa pili ameona 10. Ukilinganisha orodha zao, 8 yanafanana. Zidisha 12 kwa 10 upate 120, gawanya kwa 8, utapata 15. Hayo ndiyo makadirio ya makosa yote. Waliyoyaona kwa pamoja ni 12 jumlisha 10 toa yale 8 yaliyohesabiwa mara mbili, yaani 14. Kwa hiyo limebaki kama kosa moja hivi. Unaweza kupumua.

Sasa tuseme wameona 12 na 10 vile vile, lakini yanayofanana ni 3 tu. Zidisha na ugawanye, 120 kwa 3, utapata 40. Waliyoyaona ni 19. Yamebaki kama 21. Idadi waliyokuletea inaonekana kubwa zaidi kuliko ile ya kwanza, lakini orodha zao hazikutani, na hiyo ni ishara kwamba kila mmoja ameokota machache kati ya mengi. Muhtasari huo unahitaji macho mengine kabla ya Ijumaa.

Hesabu hii ina masharti. Kama waliketi pamoja au mmoja alichungulia kwenye daftari aliyoyaandika mwenzake, orodha zao zitafanana kwa sababu hiyo, nawe utadhani umemaliza. Pia inachukulia kwamba makosa yote ni mepesi kuonekana kwa kiasi kimoja, jambo ambalo si kweli. Herufi iliyokosewa kila mtu anaiona. Ile "mara 12" wote wawili wanaweza kuipita. Basi uichukue namba unayopata kama kiwango cha chini: yaliyobaki ni angalau hayo, na yanayojificha zaidi ni yale ya kuruka hatua. Hayo ndiyo ya kumpelekea mwalimu.

Si kila sahihisho ni sahihi

Daftari likishajaa, yagawe yaliyomo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale unayoweza kuyathibitisha mwenyewe kwa kupiga hesabu, kama zile uniti 9. Fungu la pili ni yale ya kufungua kitabu. Fungu la tatu ni yale ambayo vitabu vinapingana au wenzako wawili wameandika majibu mawili tofauti. Hili la tatu lipeleke kwa mwalimu likiwa limeandikwa kwa orodha, umuulize kwa mkupuo mmoja, wala usilipigie kura darasani. Fizikia haifuati wengi.

Tahadhari kubwa niliyo nayo ni hii: anayekusahihisha naye anaweza kukosea, tena kwa kujiamini. Tuseme kwenye ule ukurasa wa 6 mwenzako ameandika, "Hasara haipungui, inaongezeka, kwa sababu nguvu ni V²/R, na V ni kubwa." Fomula aliyoitaja ipo kwenye kitabu. Utamjibuje? Mfuate kwa namba zake. Mraba wa 132,000 ukigawanywa kwa 2 ni wati 8,712,000,000. Na nguvu yote uliyotia kwenye nyaya ni wati 1,320,000. Haiwezekani njiani kupotee zaidi ya kilichotumwa. Basi kuna kitu hakikukaa mahali pake. Zile volti 132,000 si volti zinazoanguka kwenye waya wenyewe. Zinazoanguka kwenye waya ni mkondo mara ukinzani, ampea 10 mara omu 2, yaani volti 20 tu. Ukizitia hizo 20 kwenye fomula yake, 20 × 20 ÷ 2, utapata wati 200, lile lile jibu la I²R. Fomula yake haikuwa na kosa, volteji aliyoitia ndiyo haikuwa yake.

Mwenzako huyo amekupa kitu cha thamani kuliko aliyeona herufi iliyodondoka. Amekuonyesha mahali ambapo darasa zima linaweza kupotea. Kwa hiyo hata kama sahihisho lake hulikubali, ongeza mistari miwili kwenye muhtasari ya kueleza kwa nini volteji ya V²/R si ile ya kusafirishia. Mkaguzi akikosea namna hii, mara nyingi maana yake ni kwamba maelezo yako yalikuwa mafupi mno.

Na umjibu. Kila aliyeandika kwenye daftari apate jibu: limekubaliwa, halikukubaliwa kwa sababu hii, au liko kwa mwalimu. Donald Knuth, mwalimu mstaafu mashuhuri wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa miaka mingi alikuwa akimtuza senti 256, yaani dola 2.56, mtu wa kwanza anayemwonyesha kosa kwenye vitabu vyake. Wewe huna dola za kugawa, lakini unaweza kuandika chini ya karatasi ya masahihisho majina ya waliochangia. Andika jina la aliyegundua kosa. Aliyetoa sahihisho lisilo sahihi usimtaje, mweleze pembeni, au mara ya pili hakuna atakayethubutu kuandika.

Karatasi ya masahihisho

Usitoe nakala mpya ya kurasa zote 14. Ni gharama, na wenzako wameshaandika vidokezo vyao kwenye nakala za kwanza. Toa karatasi moja yenye mistari ya namna hii:

*Ukurasa 6, mstari wa 9. Futa: hasara hupungua mara 12. Andika: hasara hupungua mara 144. Sababu: hasara ni I²R; mkondo umepungua mara 12, na 12 × 12 = 144.*

Ile sababu usiiache. Mtu anayeandika sahihisho bila kujua sababu atalisahau kabla ya Alhamisi. Yapange masahihisho kwa uzito, yale yanayobadilisha jibu la mtihani yatangulie, herufi na nukta zije mwisho. Siku ya Jumatatu mwombe mwalimu dakika kumi za mwisho wa kipindi, usome moja moja huku kila mtu ana kalamu mkononi na nakala yake wazi. Ukiwagawia tu karatasi, nusu wataitia ndani ya daftari, na lile kosa litabaki kwenye ukurasa wa 6 likiwasubiri.

Mwisho, tazama ile tarehe niliyoiweka chini ya barua, "Toleo la kwanza". Nakala husafiri. Wiki mbili zijazo huenda muhtasari wako ukaonekana kwenye shule nyingine, Miritini au Likoni, bila barua na bila masahihisho. Andika tarehe na namba ya toleo chini ya kila ukurasa, kwa kuwa ukurasa wa kwanza ndio unaochanika mapema. Ukishasahihishwa, nakala safi unayowapa wa madarasa mengine iandikwe "Toleo la pili", na atakayekuwa na la kwanza ajue la kufanya.

Nanyi mnaopokea mihtasari ya wenzenu, nina neno kwenu. Aliyekuandalia kurasa 14 amekupunguzia kazi ya wiki nzima. Mlipe kwa kuzipitia zile mbili alizokupa, kalamu mkononi, jibu limefunikwa, na umwandikie ulichokiona kabla ya Ijumaa saa kumi.

Dada yenu.